Usikate pale unapoenda polepole

Nimekaa kimya hapa kwa wiki kadhaa, mnisamehe. Kazi zilinibana, na muda uliobaki niliutumia kurekebisha jambo moja lililokuwa linaniuma. Leo nalieleza, kwa sababu naona waundaji programu wengi tuna ugonjwa huu na tunautibu kwa dawa isiyofaa.

Mwaka jana nilialikwa kuzungumza kwenye mkutano mdogo wa waundaji programu hapa Mombasa. Kila msemaji alipewa dakika nane. Mada yangu ilikuwa pesa ndani ya programu: kwa nini usizihifadhi kwa aina ya `float`, na ufanye nini badala yake. Niliandika maneno yangu yote, kurasa tatu, nikayasoma kimyakimya kwenye matatu nikienda ukumbini. Kwa kimyakimya yaliisha kabla ya nusu ya safari. Nikaingia ukumbini nikiwa na amani kabisa.

Nilikuwa ndio kwanza nimewaambia watu watumie nambari kamili, aliyeshika ratiba akainua mkono. Muda umekwisha. Nikasema asante, nikaketi. Watu wakapiga makofi, na nikadhani hakuna kilichoharibika ila mwisho kidogo.

Kumbe kuna kijana aliyekuwa ukumbini ambaye alikuwa anatengeneza mfumo wa chama cha mama yake. Wanachama kumi na wawili, na kila wiki kuna shilingi 10,000 za kugawanywa kwenye akaunti zao. Aliisikia nusu yangu ya kwanza, akaenda nyumbani, akaitoa `float` na kuweka nambari kamili. 10,000 kwa 12 ni 833 na kubaki 4. Ile 4 haikuwa na mahali pa kwenda, mfumo ukaiacha. Kila wiki shilingi nne zikapotea, na kwa wiki 52 ni shilingi 208. Ulipofika mkutano wa mwaka, mweka hazina akaulizwa mbele ya wenzake shilingi 208 ziko wapi. Mama wa watu hakuwa amegusa hata senti. Ilichukua jioni nzima kuonyesha kwamba kosa lilikuwa la programu.

Maelezo ya kile kinachobaki baada ya kugawanya yalikuwa kwenye kipande cha sita cha hotuba yangu. Aliyeshika ratiba alinisimamisha mwisho wa kipande cha tano.

Nilipoalikwa tena kuirudia mada ileile, dakika nane zilezile, niliamua kufanya nilichopaswa kufanya mara ya kwanza: kuisoma rasimu kwa sauti na saa ikihesabu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hata ushauri wa kawaida kuhusu jambo hili una kasoro. Watu husema: soma yote, angalia jumla, kama umezidisha punguza. Jumla inakuambia una tatizo, haikuambii liko wapi. Ni kama mteja anayekupigia simu kusema programu ni nzito. Sawa, mzee, nzito wapi? Hakuna muundaji programu anayeanza kufuta mistari ovyo. Tunapima kila kazi peke yake, tunaona muda unaliwa wapi. Rasimu nayo ipimwe hivyohivyo, kipande kwa kipande.

Kabla ya saa, neno moja juu ya kipimo. Vitabu vya Kiingereza vya kuhutubu hupenda kusema maneno 130 hadi 150 kwa dakika. Msomaji wangu, kanuni hiyo iache hukohuko. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. "Hawatakugawanyia" ni neno moja la silabi nane, na Kiingereza kingehitaji maneno saba hivi kulisema. Ukihesabu maneno ya Kiswahili kwa kanuni ile utajidanganya vibaya.

Hesabu silabi. Na hapa lugha yetu imetupendelea, kwa sababu karibu kila irabu ni silabi yake: mwa-li-mu tatu, ka-a mbili. Kwa hiyo ukihesabu irabu umehesabu silabi, na tarakilishi inaweza kukufanyia kwa mstari mmoja:

```
tr -cd 'aeiouAEIOU' < rasimu.txt | wc -c
```

Kuna zinazoponyoka, kama ile m ya "mtu" na n ya kwanza ya "nne", ambazo ni silabi bila irabu. Zinaponyoka karibu kwa kiasi kilekile katika kila kipande, kwa hiyo kwa kulinganisha kipande na kipande hazisumbui.

Sasa saa yenyewe. Niliandika programu fupi ya Python. Rasimu iko kwenye faili, kila kipande kimetenganishwa na mstari mtupu. Programu inaonyesha kipande, unakisoma kwa sauti, unabonyeza Enter, kinakuja kingine.

```
import time

vipande = open("rasimu.txt").read().strip().split("\n\n")
matokeo = []
for kipande in vipande:
    print("\n" + kipande)
    mwanzo = time.monotonic()
    input()
    muda = time.monotonic() - mwanzo
    silabi = sum(h in "aeiouAEIOU" for h in kipande)
    matokeo.append((round(muda), silabi, round(silabi / muda, 1)))

for i, m in enumerate(matokeo, 1):
    print(i, *m)
```

Angalia kwamba matokeo yanatoka mwishoni tu. Nilifanya hivyo makusudi. Jaribio langu la kwanza kabisa lilikuwa na simu mezani ikionyesha sekunde, na nilijikuta naikimbiza ile saa: nikiona imepita dakika tatu, naongeza kasi bila kujua. Saa unayoiona inabadilisha kile inachopima. Ifiche. Pia simama, na usome kwa sauti ya kumfikia mtu wa safu ya mwisho, maana kunung'unika mezani ni kwepesi na kwa haraka kuliko kusema. Ukikwama usirekebishe sentensi, irudie tu kama ambavyo ungeirudia mbele ya watu, na uweke alama ya penseli kwenye nakala ya karatasi. Ukianza kuhariri katikati, sekunde zote baada ya hapo ni uongo.

Haya ndiyo yaliyotoka niliposoma ile rasimu ya zamani bila kuigusa. Safu ya kwanza ni kipande, ya pili sekunde, ya tatu silabi, ya mwisho silabi kwa sekunde.

```
1 95 570 6.0
2 118 732 6.2
3 64 262 4.1
4 130 611 4.7
5 75 398 5.3
6 88 370 4.2
7 102 622 6.1
```

Jumla ni sekunde 672, yaani dakika kumi na moja na sekunde kumi na mbili. Jumlisha vipande vitano vya kwanza tu: 482. Dakika nane ni sekunde 480. Nilitazama nambari hiyo kwa muda. Mkono wa yule bwana wa ratiba ulikuwa umeandikwa ndani ya rasimu yangu tangu nyumbani, na ungeonekana kwa kuisoma mara moja tu.

Sasa fikiria ungekata wapi. Nimewauliza rafiki zangu watatu wa kazini, na wote wamenionyesha kipande cha nne. Ndicho kirefu kuliko vyote, tena kinaenda polepole. Wawili wakaongeza cha sita, kwa sababu nacho kinajikokota na kiko mwishoni. Naamini hili ndilo kosa lenyewe. Walitazama safu ya sekunde wakaenda palipo na sekunde nyingi.

Mimi nasema tazama safu ya mwisho, na ukate pale mdomo unapokimbia. Vipande vya 1, 2 na 7 vinaenda kwa silabi sita na zaidi kwa sekunde. Cha kwanza kilikuwa salamu, mimi ni nani, nimefanya kazi wapi, nashukuru kwa mwaliko. Cha pili kilikuwa historia ya kiwango cha IEEE 754, kilichotolewa mwaka 1985 na ambacho ndicho kinachoeleza namna tarakilishi nyingi zinavyohifadhi nambari zenye nukta. Cha saba kilikuwa orodha ya lugha za programu na hifadhidata, na aina ya desimali iliyomo katika kila moja. Kwa nini nilivikimbiza? Kwa sababu nilipokuwa navisoma nilitaka viishe. Mdomo wa mwandishi hujua kitu cha kujaza mapema kuliko kichwa chake. Kichwa kinasema historia ni muhimu, mdomo unasema tupite haraka watu wasituone. Mimi siku hizi nauamini mdomo.

Vipande hivyo vitatu peke yake vilikula sekunde 315, karibu nusu ya hotuba yote, kwa mambo ambayo hayangemsaidia yule kijana hata kidogo. Salamu nikaziacha sekunde 20. Historia ikawa sentensi mbili, sekunde 15. Orodha nikaitupa, nikabakisha sekunde 25 za kufungia.

Upande wa polepole ni mgumu zaidi, kwa sababu polepole haiko ya aina moja. Kuna polepole ya kujikwaa na kuna polepole ya uzito, na saa haiwezi kuzitofautisha. Alama za penseli ndizo zinazotofautisha. Kipande cha nne kilikuwa na alama tano, na tatu zilikuwa kwenye sentensi hii moja:

"Sababu inayofanya sehemu ya kumi isiweze kuandikwa kikamilifu katika mfumo wa jozi ambao ndio unaotumiwa na tarakilishi zote tunazozitumia ni kwamba kumi ina kigawo tano ambacho hakimo ndani ya mbili."

Kwa macho inapita. Isome kwa sauti. Kati ya "sababu" na "ni kwamba" kuna irabu 58, na kwa mwendo wa silabi tano kwa sekunde hizo ni karibu sekunde kumi na mbili ambazo msikilizaji amelishika neno "sababu" mkononi akisubiri kuambiwa sababu ya nini ni ipi. Mimi mwenyewe niliishiwa pumzi kwenye "zote". Kiswahili kinaruhusu kurundika hizi "ambao" na "-o-" moja juu ya nyingine bila kuvunja sarufi, ndiyo maana jicho halilalamiki. Pumzi hulalamika. Nikaivunja:

"Tarakilishi huhesabu kwa mbili mbili. Kumi ni mbili mara tano. Hiyo tano ndiyo inayoleta shida."

Hakuna jambo lililopotea la maana kwa mtu aliyekaa ukumbini, na kipande kizima kilishuka kutoka sekunde 130 hadi 95 bila kuondoa hoja hata moja. Hapo sikukata, nilifungua vifundo tu.

Kipande cha tatu kilinifunza mtego mwingine. Kinaonekana cha polepole kuliko vyote, 4.1, lakini ni kosa la kipimo. Ndani yake kuna ule mfano maarufu: ukiiambia Python ijumlishe `0.1 + 0.2`, jibu ni `0.30000000000000004`. Kwenye karatasi nambari hiyo ni ya kutupia jicho tu. Mdomoni ni sifuri, nukta, tatu, kisha sifuri kumi na tano moja baada ya nyingine, kisha nne. Programu yangu inahesabu irabu, na tarakimu hazina irabu, kwa hiyo sekunde zilihesabiwa na silabi hazikuhesabiwa. Nilipoiandika kwa maneno zikaongezeka irabu 53, na mwendo wa kipande ukawa 4.9, mwendo wa kawaida kabisa. Kwa hiyo kabla ya kupima, andika kila tarakimu na kila kifupisho jinsi utakavyokitamka. Mwaka 1985 ni "elfu moja mia tisa themanini na tano", na hapo ndipo utajua kama kweli unauhitaji.

Na usiisome nambari ile tarakimu kwa tarakimu mbele ya watu, nawaomba. Sekunde kumi za "sifuri sifuri sifuri" ni mateso. Nilibadilisha nikasema: "sifuri nukta tatu, halafu sifuri kumi na tano, halafu nne imejificha mwishoni." Kisha katika rasimu nikaandika neno KIMYA kwenye mstari wake peke yake. Maana yake ni kufunga mdomo kwa sekunde nne, watu waitazame skrini wenyewe. Kimya kinahesabiwa kwenye muda. Usipokiandika utakiruka, nakuhakikishia, kwa sababu sekunde nne za kimya mbele ya watu arobaini ni ndefu kama foleni ya feri ya Likoni.

Tunakuja kwenye kipande cha sita, kilichomgharimu yule mama heshima yake kwa jioni moja. Kasi 4.2, na kwenye karatasi hakukuwa na alama hata moja ya kujikwaa. Hiyo ndiyo polepole ya uzito. Nilikuwa naenda taratibu kwa sababu kila sentensi ilikuwa inabeba hesabu, na nilipokuwa naisoma nilikuwa naihesabu upya kichwani. Nikiwa mimi niliyeiandika nahitaji muda huo, anayeisikia mara ya kwanza anahitaji zaidi. Kwa hiyo niliongeza. Badala ya maelezo ya jumla nikaweka chama chenyewe: shilingi 10,000, watu kumi na wawili, kila mmoja 833, zinabaki 4. Watu wanne wa kwanza kwenye daftari wapewe 834. KIMYA. Nne mara 834 ni 3,336. Nane mara 833 ni 6,664. KIMYA. Jumla 10,000, na wiki ijayo anzeni na wanne wanaofuata. Kutoka sekunde 88 kikawa 110. Katika hotuba nzima niliyokuwa naipunguza, hicho kipande kimoja kilinenepa.

Cha tano sikukigusa, kikabaki 75, na cha tatu kikawa 50 pamoja na kimya chake. Jumla mpya: 390, dakika sita na nusu.

Mtaniuliza mbona nimebakisha dakika moja na nusu wakati nilikuwa na nane. Kwa sababu kusoma peke yako chumbani ni mazingira ya maabara. Ukumbini kuna projekta inayokataa kuwaka, kuna kicheko, kuna mtu anachelewa na kupita mbele yako, na kuna wewe mwenyewe kurudia sentensi ukiona nyuso hazijaelewa. Kama rasimu imejaza muda wote, kila kimoja cha hivyo kinachukua sekunde zake kutoka mwishoni, na mwishoni ndipo nilipokuwa nimeficha jibu.

Onyo moja zaidi kwa wanaotaka kujaribu. Tumia nambari za usomaji wa kwanza kuamua pa kukata. Nilipoisoma rasimu ileile ya zamani mara ya nne mfululizo kwa majaribio, ilishuka yenyewe kwa zaidi ya nusu dakika na sikuwa nimeondoa neno. Ulimi ulikuwa umeizoea. Hata zile tofauti za kasi zilianza kufifia, na sentensi ya irabu 58 ikapita bila kujikwaa, kana kwamba ni nzuri. Ukishaizoea rasimu yako huwezi tena kuisikia. Ukitaka kupima tena, iache walau siku mbili.

Wapo watakaosema haya yote ni kazi nyingi kwa dakika nane, na kwamba mzungumzaji mzuri huongea bila karatasi. Sawa, wazungumzaji wazuri waendelee. Mimi si mmoja wao, na naona wengi wanaosema hivyo ndio wanaoinuliwa mkono wakiwa bado kwenye historia.

Siku ya mkutano nilimaliza kwa dakika saba na sekunde arobaini. Yule kijana alikuwepo tena, safu ya tatu, na safari hii alikuja na mama yake. Zile sekunde ishirini zilizobaki mama alizitumia kuuliza swali: mwanachama akijitoa katikati ya mwezi, zamu ya shilingi ya ziada inahesabiwaje? Sikuwa nimelifikiria. Tulilijadili nje, kwenye ngazi, bila saa.